Kitimoto ya tumbo kwenye oveni: ngozi imegoma kuwa kaukau, nimekosea wapi?

MamaWawili_Kimara

Wakuu habari za jumatatu. Naomba msaada kwa wanaoijua oveni maana tangu jana nina swali kichwani. Mdogo wangu alipata kipaimara jumamosi, jumapili nikasema wageni waliobaki niwapikie kitimoto ya oveni, siyo ile ya kukaanga na ndizi, nilitaka ile ukikata kipande ngozi ya juu inavunjika kama kaukau, chini yake mafuta yameyeyuka na nyama ni laini. Nikaenda bucha asubuhi nikaomba tumbo lisikatwekatwe, nikapata bapa la kilo 2.3 lina ngozi yake, muhuri wa mkaguzi upo, limenyolewa vizuri.

Nikaliosha, nikachanja ngozi mistari mistari na kisu cha jikoni, nikapaka kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na soya sosi kila mahali hadi juu ya ngozi, likakaa saa 1, nikaweka kwenye trei nikafunika foili, digrii 180 masaa 2, halafu nikafunua nikapandisha 220 kwa dakika 10. Nyama ilikuwa tamu, hilo silalamiki. Ila ngozi ilitoka kama soli ya kandambili, kwa macho ni kahawia nzuri kabisa lakini haitafuniki, watoto wote waliitoa wakaiweka pembeni ya sahani na hilo ndo limeniuma.

Oveni yangu ni ya gesi, grili ya juu ni ya umeme. Shida ni foili, ni muda, au ni nguruwe mwenyewe?

Mzee_wa_Uyole

Pole mama. Sasa kwanini ujitese na oveni? Sisi huku Mbeya unachemsha na chumvi na tangawizi mpaka maji yakauke yenyewe, mafuta yanaanza kutoka unaacha ijikaange humo humo, unageuza geuza, mwisho unatupia kitunguu, hoho na pilipili. Ngozi inakazana vizuri tu. Weka na ndizi pembeni.

MamaWawili_Kimara

Asante mzee wangu, hiyo naipika na nyumbani wanaipenda. Ila hapa nauliza ile ya bapa zima la oveni, ngozi itoke malengelenge ivunjike. Kwenye sufuria vipande vinatoka vidogo na ngozi inakuwa ya kutafuna, siyo ya kuvunjika.

MotoKwanza

Foili ndo imekuharibia. Ukifunika unachemsha, huchomi. Fanya hivi dada, oveni ipate moto hadi 240, ingiza nyama ngozi juu, dakika 30, huo moto unaziba nyama juisi isitoke, halafu shusha 160 uache masaa 2. Na kabla ya kuingiza paka mafuta ya kula mengi juu ya ngozi. Mimi paja la krismasi nafanya hivyo kila mwaka na halijawahi kuniangusha.

Jiko_la_Njiro

Nimepika jikoni hotelini hapa Arusha miaka 9 na tumbo la nguruwe la bafe ya jumapili lilikuwa langu, ngoja nieleze kwa urefu kidogo maana maelezo ya dada yamejitosheleza, kosa linaonekana.

MotoKwanza yuko sahihi kwenye foili. Kwenye kuziba juisi hapana, nyama haizibwi na moto, juisi inatoka tu, sikiliza hata kwenye kikaango ile tsss inayoendelea ni maji yanatoka. Moto mkali una kazi nyingine, nitafika huko.

Dada, ngozi yako iliingia oveni ikiwa na maji mara 3. Uliiosha, ukaipaka ndimu na soya sosi, halafu ukaifunika na foili ikakaa kwenye mvuke wa nyama yenyewe masaa 2. Ngozi ikiwa na maji juu, joto lote linaishia kuyakausha hayo maji kwanza, na mpaka yaishe ngozi haipandi kupita digrii 100 hata kama oveni inasoma 220. Kwahiyo zile dakika 10 za mwisho zilikausha maji tu. Ile rangi nzuri uliyoiona ni soya sosi imeungua, ndo maana macho yalikudanganya.

Ngozi inahitaji vitu viwili vinavyofuatana. Kwanza ilainike ndani kwa joto la taratibu, ile hali ya kunata unayoiona kwenye supu ya makongoro. Pili, ikishalainika na juu yake pamekauka, ipigwe joto kali ghafla. Unyevu kidogo uliobaki ndani unageuka mvuke, unaisukuma ngozi ivimbe malengelenge, halafu inakauka hapo hapo ikiwa imevimba. Ikivimba ndo inavunjika. Isipovimba inakuwa soli.

Ninavyofanya mimi kwa bapa la kilo 2:

Siku moja kabla, jioni, sioshi. Kama kuna uchafu au vinyweleo nakwangua na kisu, nafuta, nakausha na tishu za jikoni mpaka tishu itoke kavu. Kuchanja natumia wembe mpya wa kukatia maboksi, siyo kisu cha jikoni, kisu kinavuta ngozi na mkono ukiteleza unaingia hadi kwenye nyama. Bapa likiwa la baridi sana, limekaa friza kama nusu saa, wembe unapita vizuri. Mistari iachane kama sentimita 1, upite ngozi uguse mafuta, basi. Ukifika kwenye nyama, maji ya nyama yatachemka yapande kwenye huo mstari na pale ngozi itabaki laini. Ukitaka kujua kama ulizidisha, angalia baada ya kuiva, sehemu laini zitakuwa zimefuata mistari na zina ute wa kahawia umegandia.

Viungo vyote napaka upande wa nyama tu, chini na pembeni. Ndimu, saumu, tangawizi, weka unachopenda ila kisiguse ngozi. Kwenye ngozi ni chumvi ya mawe peke yake, vijiko vya chakula 2 hivi, nasugua. Halafu friji, kwenye sahani, wazi kabisa bila kufunika, usiku kucha. Asubuhi utakuta matone juu, chumvi imevuta maji. Nafuta chumvi yote na matone yote, narudisha friji mpaka muda wa kupika. Ngozi iliyo tayari ukiigusa na kidole inateleza kavu kama karatasi ya khaki na imekaza, haibonyei. Kama bado inanata kidoleni, haijafika, acha iendelee.

Kupika: chumvi laini kidogo sana juu, oveni 150, bapa juu ya waya na trei chini ya waya, masaa 2 na nusu. Sifuniki, simwagii mafuta wala mchuzi juu. Nachoma na kijiti cha mshikaki upande wa nyama, kikiingia bila kusukuma imeiva. Muda huo ngozi itakuwa ngumu, ya njano na mbaya kwa macho, usiogope. Natoa, naacha oveni ipande 240, dakika 15 au 20 hivi kwa oveni za nyumbani, narudisha nyama. Hapo siondoki. Kila dakika 5 naangalia, nageuza trei maana kila oveni ina kona yake kali. Malengelenge yanaanzia pembeni yanaelekea katikati. Dakika 15 hadi 25 inakuwa tayari.

MotoKwanza

Nimekuelewa mkuu kwenye juisi, nakubali. Ila bado sioni kwanini moto uje mwisho. Paja langu naanza na moto na ngozi inavunjika vizuri, nina miaka nafanya.

Jiko_la_Njiro

Sikatai, njia hiyo ipo na Waingereza wengi ndo wanavyofanya nyumbani kwao, na ngozi ikiwa imekaushwa vizuri inatoka. Hofu yangu kwa tumbo ni kwamba baada ya ngozi kuvimba bado nyama inadai masaa 2 na kitu ilainike, na muda wote huo inatoa mvuke na mafuta, sasa kwenye oveni ndogo isiyo na feni nimeshaona ngozi iliyovimba vizuri inarudi kuwa ya kuvutika. Moto ukiwa mwisho inatoka oveni inaenda mezani. Kingine, ukianza na 240 dakika 30 mafuta ya tumbo yanadondoka mengi kwenye trei yanaanza kutoa moshi, paja halina mafuta mengi hivyo. Kwa paja mimi na wewe hatugombani.

MotoKwanza

Hilo la moshi ni kweli, tumbo niliwahi kufanya mara 1 nyumba nzima ilijaa moshi nikafungua madirisha yote. Krismasi hii nitakata paja vipande viwili nifanye njia zote mbili.

Dada_wa_Aarhus

Nachangia kutoka Denmaki, huku hiki chakula ni cha krismasi nyumba nyingi, wenyewe wanakiita flæskesteg. Mama mkwe wangu ana hatua ambayo sijaiona hapa. Anachanja ngozi mistari ya karibu karibu sana, nusu sentimita, halafu anaweka nyama ngozi CHINI kwenye trei yenye maji ya moto yanayofunika ngozi tu, anaingiza oveni ya moto kama dakika 20. Anatoa, anageuza ngozi juu, anaikausha na taulo kwa bidii, anasugua chumvi nyingi inaingia ndani ya kila mstari, anachomeka bay leaves, halafu ndo anachoma kawaida na mwisho anapandisha moto. Mwanzo nilishangaa, mbona tunaambiwa maji ni mabaya kwa ngozi? Ila inatoka vizuri ajabu.

Na yeye kitu anachopigania ni usawa. Bapa likipinda katikati pakawa na bonde, mafuta yanakaa bondeni na pale ngozi haivimbi. Anakunja foili vidonge vidonge anaweka CHINI ya nyama mpaka juu iwe sawa kama meza. Hiyo ndo kazi pekee ya foili jikoni kwake siku hiyo.

Jiko_la_Njiro

Dada umeongeza kitu muhimu nilikisahau, usawa wa bapa. Sisi tulikuwa tunaweka nusu ya kitunguu au kiazi chini. Tumbo likiiva linajikunja kama kiatu cha zamani na lile bonde linabaki laini siku zote.

Hayo maji ya mama mkwe yanafanya ile kazi ya kwanza niliyosema, kulainisha ngozi kabla ya moto, na anakausha baadaye. Kwenye migahawa ya Wachina pia wanamwagia ngozi maji ya moto kwanza, halafu wanaitoboa matundu madogo mengi kwa sindano badala ya kuchanja, wanaining'iniza ikauke. Maji yakija kabla ya kukausha hayana shida. Yakija baada ya kukausha ndo yanaharibu.

Kijana_wa_Tegeta

Wakuu nina maswali, mimi napanga chumba na friji ni la kushare na jirani yangu Mwislamu, siwezi kuweka kitimoto wazi humo usiku kucha na sitaki kumkosea. Naweza kukausha nje kwa feni? Na nimeona mtu anasema siki, mwingine anasema baking poda, siki ni kali na baking poda ni kinyume chake, inakuwaje vyote visaidie kitu kimoja?

MamaWawili_Kimara

Hata mimi nasubiri jibu la feni maana kwetu umeme ukikatika usiku friji linatoa jasho.

Jiko_la_Njiro

Kijana, nje usiku kucha usithubutu, na joto la Dar nyama mbichi itaharibika kabla ngozi haijakauka, na hewa ya huko ina unyevu mwingi, utakausha usiku kucha usipate kitu. Feni ni ya dakika 45 hadi saa 1 tu kabla ya kupika, nyama ikitoka kwenye baridi. Kama huna friji lako fanya kwa siku hiyo hiyo: mimina maji ya moto yaliyochemka juu ya ngozi, utaiona inajikunja na kukaza, kausha na tishu, sugua chumvi ya mawe, iache dakika 40, futa, kausha tena, feni, halafu ingiza oveni kwenye moto mdogo wa 120 kwa nusu saa mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo. Halafu funga uendelee na 150. Haitakuwa sawa na ya friji ila ngozi itavunjika.

Mama, friji zile za kizamani zinazotengeneza barafu ukutani zinakausha taratibu kuliko zile zenye feni ndani. Kama lako ni la barafu toa muda wa usiku 2. Umeme ukikatika usilifungue fungue, ukirudi futa jasho lote la ngozi kabla ya kuendelea. Ukikatika hadi nyama inaanza kupoteza baridi, achana na mpango wa kukausha, ipike hapo hapo.

Siki na baking poda nimetumia vyote kwa nyakati tofauti na vyote vilitoka, ila sijawahi kuweka bapa mbili za nguruwe mmoja upande kwa upande, kwahiyo siwezi kukwambia ipi inaongeza nini. Siku hizi situmii yoyote. Magadi ndo naomba usijaribu, ladha ya sabuni inabaki.

MtuWaKiambu

Mimi huku sina oveni, natumia jiko la makaa na sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya mfuniko vile watu huoka keki. Nimejaribu pork belly mara mbili. Ya kwanza mfuniko ulitoa maji yakadondokea ngozi, ikaharibika kabisa. Ya pili nikaweka mawe madogo matatu kwa ukingo wa sufuria ndio mfuniko usikae kabisa, mvuke ukapata pa kutokea, makaa kidogo chini na kidogo juu kama masaa mawili na nusu, halafu mwisho nikatoa makaa ya chini yote nikayarundika juu ya mfuniko. Ngozi ililia kama popcorn nikiwa nimekaa hapo kando. Shida ni katikati iliungua nyeusi kama kiganja, pembeni ikawa sawa.

Jiko_la_Njiro

Kaka hiyo ya mawe nimeipenda. Katikati paliungua kwa sababu makaa yalikuwa rundo, yasambaze yafuate ukingo wa mfuniko kama pete, katikati weka machache. Hilo jeusi la kuungua unalikwangua na kisu cha meno ikiwa bado ya moto, chini yake mara nyingi ngozi ni nzima.

Mzee_wa_Uyole

Nimewasoma hadi hapa. Swali langu, huku kwetu nguruwe wengi wanababuliwa kwa moto wa nyasi kutoa manyoya, siyo maji ya moto. Ngozi inakuwa imeshapata moto tayari na ina rangi ya kahawia. Hiyo nayo itavimba?

Jiko_la_Njiro

Shikamoo mzee. Tulikuwa tunapata wa maji ya moto kwahiyo kwa aliyebabuliwa sina uzoefu mkubwa. Mara 1 niliyopika, sehemu zilizobabuliwa kidogo zilivimba, zile zilizokaangika hadi kuwa ngumu hazikuvimba. Ningekuwa mimi ningekwangua ule weusi wote kwa kisu, ningemwagia maji ya moto kama mama mkwe wa Denmaki, halafu ningekausha usiku 2.

MamaWawili_Kimara

NARUDI NA MATOKEO. Samahani nimechelewa, nilisubiri jumapili.

Bapa safari hii kilo 1.8. Ijumaa jioni nilikausha, nikachanja kwa wembe, viungo chini tu, chumvi ya mawe juu, friji wazi. Jumamosi asubuhi nilikuta maji kama kijiko kizima juu ya ngozi, nikafuta, nikarudisha. Jumapili saa 3 asubuhi ngozi ilikuwa kavu kweli, nikigonga na kucha inatoa sauti. Nikaweka nusu kiazi mbili chini pale katikati panapobonyea. Nimenunua na themomita ya kuweka ndani ya oveni na hapo ndo niligundua jambo, nikiweka kitufe 150 themomita inasoma 175, na nikiweka mwisho kabisa 250 haipandi kupita 215. Kwahiyo zile 220 zangu za mwanzo huenda hazikuwahi hata kufika 200.

Nikashusha kitufe mpaka ikasoma 150, masaa 2 na dakika 20 kijiti kikaingia chenyewe. Kupandisha moto ikagoma kwenye 215, nikaweka dakika 15, pembeni pakaanza kuvimba katikati kimya. Nikazima gesi nikawasha grili ya umeme, trei nimeishusha waya wa chini kabisa, nikakaa na kigoda mbele ya oveni. Dakika ya 4 ikaanza kulia, pa pa pa, malengelenge yanatembea kama mvua inavyoingia kwenye mchanga. Nilitoa dakika ya 7, kona 1 ilianza kuwa nyeusi nikaikwangua.

Nikaacha dakika 15 bila kufunika, nikakata ngozi ikiwa chini kwa kisu kikubwa kama alivyoniambia Jiko kwenye pm, haikusambaratika. Watoto waligombania ngozi. Kona ya kulia nyuma, kama upana wa vidole vitatu, imebaki ya kutafuna, nikaangalia, pale wembe wangu uliingia hadi kwenye nyama na ule ute wa kahawia upo kama ulivyosema.

Jiko_la_Njiro

Hongera sana dada. Grili ni njia halali kabisa kwa oveni isiyofika 240, ila trei iwe chini hivyo hivyo, juu inaungua ndani ya dakika 1. Na gesi ikiwaka inatoa mvuke wake, ndo maana ukizima ukawasha umeme ilikubali haraka. Ile kona ungeikata peke yake ukairudisha chini ya grili dakika 2, saa nyingine inaokoka.

MamaWawili_Kimara

Sikujua, ingekuwa bado ipo ningejaribu. Swali la mwisho, kilichobaki kimelala friji na ngozi imekuwa laini tena, kuna namna ya kuirudisha?

Dada_wa_Aarhus

Oveni 200, dakika 10 hivi, ngozi juu. Maikrowevu usiiguse. Hairudi asilimia mia, huku kwetu mama mkwe anaitoa ngozi anaipasha peke yake na nyama anaila baridi na mkate.

Kijana_wa_Tegeta

Mimi najaribu jumamosi kwa njia ya maji ya moto na feni, nitaleta majibu na picha hapa hapa.